Ratiba ya kusoma Ramadhani ianzie kitandani

Ratiba nyingi za wanafunzi wanaofunga zina kasoro moja. Mwanafunzi huchukua ratiba yake ya siku zote, akafuta muda wa chakula cha mchana, akaingiza daku na tarawehe, kisha masomo yote magumu akayasukuma usiku wa manane, kwa kuwa huo ndio wakati ambao tumbo lina kitu. Amehesabu njaa kuwa ndiyo adui. Mimi naona adui mkubwa ni usingizi uliokatwa vipande, na ratiba ambayo haikuanza kwa kuupangia usingizi mahali pake huvunjika kabla kumi la mwanzo halijaisha.

Tuanze na njaa, maana inalaumiwa kupita kiasi. Mtu mwenye afya anapofunga, ini lake huachia kidogo kidogo sukari lililoihifadhi, na mwili pia hugeukia mafuta. Ndiyo maana sukari ya damu ya mfungaji mzima wa afya haiporomoki saa sita mchana, na ubongo unaendelea kupata chakula chake. Njaa yenyewe huja ikapita: inabana, halafu inalegea hata kama hujala kitu. Kiu ni jambo zito zaidi, kwa sababu upungufu wa maji, hata mdogo, hupunguza umakini, na mwanafunzi aliyetembea juani anaweza kuuhisi mapema. Lakini hata kiu haielezi kwa nini mtoto aliyekula daku vizuri anasinzia kwenye dawati saa tatu asubuhi. Huyo hana njaa. Amelala kwa muda wa saa nne tu.

Kwa hiyo nianze na hesabu. Tumchukue mwanafunzi wa kidato cha nne anayeingia darasani saa 2 asubuhi na kutoka saa 8 mchana. Tuseme anakoishi alfajiri inaadhiniwa saa 11:10, magharibi saa 12:35 jioni, isha saa 1:45 usiku, na tarawehe inamalizika saa 3. Akilala saa 4 kamili usiku na kuamka saa 10:15 kwa ajili ya daku, amepata saa sita na robo. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Pengo la saa mbili hivi lazima lizibwe mchana, na mahali pa kuliziba nitapataja. Lakini akilala saa 6 usiku, pengo linakuwa la saa nne, na hakuna usingizi wa mchana unaoweza kulifidia siku baada ya siku huku shule ikiendelea. Saa 4 usiku ndiyo nguzo ya ratiba nzima. Vingine vyote vinaweza kusogezwa.

Sasa twende kwenye wakati wenyewe wa nguvu. Kwa wanafunzi wengi wanaofunga, wakati huo ni baada ya swala ya alfajiri. Mwili umetoka kulala, una maji na chakula, nyumba imetulia, simu za wenzake hazijaanza kulia. Mwanafunzi wetu akikaa mezani saa 11:40 na kuondoka saa 12:50, ana dakika sabini kabla ya kujiandaa kwenda shule. Ni dakika chache, na ndiyo sababu zisitumike kwa kazi yoyote inayoweza kufanywa na kichwa kilichochoka. Usizitumie kupanga daftari, kunakili maelezo wala kupiga mistari ya rangi chini ya sentensi. Ziwekee ile mada moja unayoikimbia. Kama ni hesabu za moli kwenye kemia, basi ni moli peke yake: mfano mmoja usome hatua kwa hatua, funga kitabu, uufanye upya mwenyewe, kisha maswali manne au matano mapya bila kutazama majibu.

Kuna tahadhari moja hapo. Anayeamka na kukimbilia kitabu moja kwa moja hukuta kichwa kizito, kwa sababu usingizi huchukua dakika 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi, kuachia akili sawasawa. Aliyeamka saa 10:15, akala daku, akatawadha, akaswali, ukungu huo umeshaondoka atakapofika mezani. Anayeamka dakika tano kabla ya adhana, akameza maji na kufungua kitabu, atasema alfajiri haimfai, kumbe hakuipa nafasi. Kuchelewesha daku ni sunna, lakini daku la kuchelewa halina maana ya daku la kukimbizana.

Najua watakaonipinga. Wapo wanaokesha wakisoma, wanakula daku, wanaswali alfajiri, kisha wanalala mpaka adhuhuri, na wanaapa kuwa hivyo ndivyo wanavyofaulu. Kwa aliye likizo, ambaye hana kipindi asubuhi wala mtihani karibu, sina ugomvi naye. Tatizo ni yule ambaye mtihani wake ni saa 2 asubuhi, ukiwa ndani ya mwezi au mara tu baada ya Idi. Saa ya ndani ya mwili haigeuki kwa usiku mmoja. Husogea polepole, kwa siku kadhaa. Aliyeuzoesha mwili kulala asubuhi ataingia kwenye chumba cha mtihani katika saa ambazo mwili wake unajua ni za kitanda.

Mchana baada ya shule ndipo wengi wanapojiumiza. Kati ya saa 8 na saa 10 mchana mwili wa binadamu hulegea hata kwa asiyefunga. Mfungaji aliyelala kidogo huanguka zaidi. Dalili yake haijifichi: unasoma aya ileile mara tatu bila kukumbuka ilichosema, au unakosea alama ya kutoa katika mlinganyo ambao asubuhi uliufanya bila shida. Makosa ya namna hiyo hayatokani na kutojua. Ukiyaona, usijilazimishe, hapo ndipo pa kuziba lile pengo la usingizi. Mwanafunzi wetu akishaswali adhuhuri alale kailula. Kuna vipimo viwili vinavyofaa: dakika 20, ambazo hazimfikishi kwenye usingizi mzito, au saa moja na nusu, ambayo inamzungusha mpaka mwisho wa mzunguko mmoja wa usingizi. Dakika 45 au 50 mara nyingi ndizo mbaya kuliko zote, maana anaamshwa katikati ya usingizi mzito na kuzinduka akiwa mchovu kuliko alivyolala. Kwa aliyepata usingizi wa saa sita tu usiku wa jana, ningechagua ile saa moja na nusu, iishe kabla ya alasiri.

Baada ya alasiri kuna nguvu ya wastani, na inatosha kwa kazi za mkono: kusahihisha yale maswali ya alfajiri, kuandika kadi za tarehe na istilahi, kuchora upya mchoro wa moyo au wa jani. Dakika 50 zinatosha. Saa moja kabla ya magharibi ningeiacha wazi kabisa. Nimeona wanafunzi wakiing'ang'ania kwa sababu inaonekana tupu kwenye karatasi. Kinachosomwa humo ni kidogo, na nyumbani ndiyo saa ya kusaidiana jikoni au ya kusoma Kurani kwa utulivu.

Usiku niupe nafasi ndogo kuliko inavyotarajiwa. Futari nzito huleta usingizi, na baada yake kuna isha na tarawehe. Kinachobaki ni robo saa au dakika 20 kabla ya kulala, na zina kazi moja nzuri: kukumbuka. Chukua karatasi tupu, andika kutoka kichwani hatua za zile hesabu za moli, kisha linganisha na daftari. Unachokikumbuka kabla ya kulala, usingizi unakiimarisha. Palipokuwa na pengo pawekee alama, hapo ndipo utakapoanzia alfajiri. Na chai au kahawa isinywewe saa hizo. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 3 usiku bado kinafanya kazi wakati unageukageuka kitandani. Mnywaji wa kahawa wa kila siku aanze kupunguza wiki moja kabla ya mwezi kuandama, la sivyo yale maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo atayadhania kuwa ni ya saumu, na ataihukumu ratiba yake kwa kosa lisilo lake.

Nasema alfajiri kwa wengi, si kwa wote, na kuna njia ya kujipima. Tafuta maswali ya kiwango kimoja, kumikumi, kutoka mitihani iliyopita. Baada ya siku nne au tano za mwezi, mwili ukiwa umeanza kuzoea, fanya kumi baada ya alfajiri, kumi baada ya alasiri na kumi baada ya tarawehe, kwa siku tatu. Andika dakika ulizotumia na makosa, ukitenga makosa ya kutojua na makosa ya uzembe. Hesabu ya uzembe ndiyo itakayokuonyesha saa zako. Na kama usiku fulani ulilala chini ya saa tano, futa kipindi cha alfajiri siku hiyo urudi kulala baada ya swala. Dakika sabini za kusinzia juu ya kitabu hazina faida.

Jambo jingine ni kuifunga ratiba kwenye swala kuliko kwenye saa. Nyakati za adhana husogea ndani ya mwezi, na mwezi wenyewe hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haikufai ilivyo. Andika «nusu saa baada ya alfajiri» badala ya saa 11:40.

Kumi la mwisho lina hesabu yake. Mwanafunzi anayetaka kusimama usiku katika witiri za kumi hilo, akitafuta Lailatul Kadri, hawezi kubaki na saa 4 kama nguzo, wala nisingemwomba abaki nayo. Ndiyo maana mada mpya na ngumu zinapaswa kumalizika kufikia tarehe 20 ya mwezi. Kuanzia hapo, asubuhi ya usiku aliokesha alale baada ya swala mpaka muda wa kujiandaa kwa shule, kailula iwe ile ndefu, na kitabu kibaki kipindi kimoja tu cha dakika 25 baada ya alasiri, kwa yale maswali aliyoyakosa katika kumi mbili za kwanza.