Nyuzi moja na nusu si joto la saa tisa

Kasese asubuhi mtu huvaa sweta, na saa tisa alasiri anatafuta kivuli. Kati ya saa hizo joto linaweza kupanda nyuzi kumi na zaidi. Ndiyo maana, tulipozungumza habari za wastani wa joto la dunia kupanda nyuzi 1.5, mwendesha boda mmoja aliniambia, "Mzee, hizo nyuzi moja na nusu jua inamaliza kabla ya chai." Kwa joto la siku moja amesema kweli. Ila wastani wa dunia ni kipimo kingine kabisa.

Joto la alasiri ni la mahali pamoja, na usiku sehemu kubwa yake hupotelea angani. Wastani wa dunia hujumlisha mchana na usiku, Januari hadi Desemba, nchi kavu na bahari, kwa miaka 20 hivi, kisha hulinganishwa na miaka ya 1850 hadi 1900. Kwetu kukiwa na joto kali, kwingine kuna baridi, kwa hiyo wastani huo husogea kwa shida sana. Ili upande, lazima dunia yote ibaki na joto la ziada mwaka baada ya mwaka, na zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo huingia baharini. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya, wastani ulikuwa chini kwa nyuzi sita hivi tu.

Kwetu Uganda, mahali pa kuliona jambo hili ni Rwenzori. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kwa kama nyuzi 6.5. Basi hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5, mpaka wa kuganda, yaani kimo ambacho juu yake maji huganda, hupanda mita 230 hivi. Alasiri moja yenye jua kali huyeyusha uso wa barafu, na usiku maji yale huganda tena. Lakini mpaka ukihamia juu moja kwa moja, ncha ya chini ya barafu hupata mvua badala ya theluji, mwamba mweusi hujitokeza, nao hunyonya jua zaidi. Barafu haina pa kukimbilia, maana kilele cha juu kabisa, Margherita, kinaishia mita 5,109.

Mwaka 1906 milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Mitatu kati yake, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, ilishaipoteza kabla karne ya 20 haijaisha. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha upotevu huo kimeletwa na joto lenyewe na kiasi gani na hewa kukauka na mawingu kupungua, na mimi naona ubishi huo ni wa haki.

Hata siku za jua kali zenyewe hazibaki zilivyokuwa. Kwa makadirio ya jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, joto kali ambalo zamani nchi kavu ililipata mara moja katika miaka 10, dunia ikifika nyuzi 1.5 litakuja kama mara nne katika muda huohuo. Ningependa watangazaji wetu wa redio, kila wanapotaja nyuzi 1.5, wataje pia hizo mara nne na zile mita 230.