Nafasi ya kwanza ya kununua, na bei ikishuka baadaye

"Mwenye nyumba ameniletea barua kwamba anauza nyumba ninayokaa. Anasema mimi ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kununua, na nimjibu ndani ya siku 30. Amenifanyia wema au ananibana?"

Inawezekana ni yote mawili. Mimi ningeangalia kwanza jambo ambalo barua nyingi za namna hii hazilitaji: ukishindwa bei hii, kisha akamuuzia mtu mwingine kwa bei ya chini, utarudishiwa nafasi yako au ndiyo imekwisha?

Mwenye nyumba naye ana hoja. Akimuuzia mpangaji, huenda asimlipe dalali, nyumba haikai tupu, wala hapiti na wageni vyumbani mwa watu. Lakini siku hizo 30 anazilipia. Mnunuzi mwenye fedha taslimu akisikia kuna mtu mbele yake kwenye foleni, huenda akatafuta nyumba nyingine. Kwa hiyo aliyekuandikia kwa nia njema amekupa kitu chenye thamani, hasa kama mkataba wenu wala sheria ya hapo mlipo haikumlazimisha.

Nawe unaijua nyumba kuliko mnunuzi yeyote: ukuta upi hulowa mvua ikija na upepo, bomba lipi limeshazibwa mara ngapi. Hayo yaingie kwenye mazungumzo ya bei. Kama kabati la jikoni ulilijenga kwa fedha yako kwa idhini yake, mthamini aelezwe, la sivyo utalinunua mara ya pili.

Sasa tuifanye hesabu kwa kipimo cha kodi. Tuseme bei ni sawa na kodi ya miezi 240, na akiba yako inatosha asilimia 20, yaani kodi ya miezi 48. Utakopa kodi ya miezi 192. Riba ikiwa asilimia 12 kwa mwaka, mwezi wa kwanza riba peke yake ni karibu mara mbili ya kodi unayolipa leo, kabla hujapunguza deni lenyewe. Unakataa, na umekataa kwa busara. Miezi mitatu baadaye soko limemkatalia mwenye nyumba, naye anakubali kodi ya miezi 190 kutoka kwa mgeni. Kwa bei hiyo, na akiba ileile, ungekopa kodi ya miezi 142, na riba ya mwezi wa kwanza ingekuwa kama mara moja na nusu ya kodi. Huenda hilo ungelimudu, lakini hakuna aliyekuuliza.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa mpangaji. Nafasi ya kwanza kwa bei ambayo hakuna anayeinunua ni barua ya heshima tu. Ila sikubaliani na wanaotaka mpangaji aulizwe upya kila bei inapotikisika, maana hakuna mnunuzi atakayevumilia mauzo ya namna hiyo. Kipimo cha haki, kwa maoni yangu, ni kwamba bei ikishuka kwa zaidi ya asilimia 5, au masharti ya malipo yakilegezwa, mpangaji aarifiwe tena na apewe siku 10 za kujibu. Mwombe aliandike hilo na kulitia saini.

Siku 30 nazo ni chache kwa anayekopa. Benki itataka nyumba ithaminiwe na hati ikaguliwe: jina lililomo, kama iko chini ya rehani, kama kuna mmiliki mwenza au mwenzi wa ndoa anayepaswa kuridhia. Omba siku 60, au umuulize kama atakubali sharti kwamba mkopo upitishwe kwanza na malipo ya awali yarudishwe ukikosa.

Angalia unavyojibu. Ukiandika "nitanunua kwa bei hii ya chini", katika sheria za mikataba za nchi nyingi umeikataa ofa ya kwanza na kutoa yako, naye hafungwi tena na aliyoyasema. Ukiuliza "je, bei inazungumzika?", ofa yake bado imesimama. Na ukiletewa fomu ya kusema huhitaji kununua, usome kama inahusu bei hiyo tu au inakuondolea haki moja kwa moja. Ongeza kwa mkono wako, "kwa bei na masharti ya barua hii pekee", weka tarehe, na ubaki na nakala.

Wakati wote huo endelea kulipa kodi kwa tarehe yake. Wapo wanaosimamisha wakidhani itakatwa kwenye bei, kisha mauzo yanavunjika na wanajikuta wadaiwa wa kodi. Barua ya kuuza haivunji mkataba wa upangaji. Kama mkataba una muda uliobaki, mwambie mwenye nyumba auonyeshe kwa mnunuzi kabla hawajatiliana saini, na umwombe mnunuzi huyo akuandikie kwamba ameuona.