Chungu cha Kwaresima kipimwe kabla ya maji kuingia

Nimeipokea tena ile karatasi. Kila mwaka, siku chache kabla ya Kwaresima Kuu yetu Waorthodoksi, mtu fulani huandaa ratiba ya vyakula vya mfungo na kuigawa baada ya liturujia, na kila mwaka nairudisha nyumbani moyo ukiniuma. Ya mwaka huu inasema hivi: asubuhi chai kavu na vipande viwili vya mkate, mchana viazi vya kuchemsha na kabichi, jioni wali na mboga za majani, ndizi moja. Kesho yake ni hayo hayo, ila viazi vimehamia jioni. Majuma saba, pamoja na Juma Takatifu.

Niliketi nikaihesabu kwa mtu mzima wa kilo 60. Mkate unampa gramu 6 hivi za protini. Viazi gramu 300 vinampa 5 au 6, wali wa kushiba vikombe viwili gramu 8, na kabichi, majani na ndizi kwa pamoja labda 5. Jumla haifiki gramu 30. Mwili wake unahitaji takriban gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 50 kwa siku. Kwa kuwa protini ya mimea humeng'enywa kwa shida kidogo kuliko ya nyama au maziwa, mimi humwambia alenge 55 hadi 60. Ratiba ile inampa nusu.

Niliposema hivyo jikoni, mama mmoja ninayemheshimu sana alinijibu kwa upole: "Mwanangu, mfungo ni mfungo. Watawa wanakula mkate na zeituni na wanaishi." Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hatufungi ili tule vizuri. Kupungukiwa kidogo ni sehemu ya safari yenyewe. Lakini tulichoambiwa tuache ni nyama, samaki, mayai na maziwa. Hakuna aliyetuambia tuache maharage. Tumeyaacha wenyewe, kwa uvivu wa kupanga, kisha tukauita uvivu huo ukali wa mfungo.

Na hapa sitaki mtu aniambie kwamba maharage yapo, kwamba kila Jumatano parokiani hupikwa mchuzi wa maharage. Najua, nimeupakua mimi. Jumatano moja mwaka jana nilimwuliza mpishi aliloweka kiasi gani. Kilo moja. Tulikuwa watu 30. Gawanya: kila mtu amepata gramu 33 za maharage makavu, na maharage makavu yana protini ya gramu 21 hadi 23 katika kila gramu 100. Hivyo kila bakuli lilikuwa na gramu 7, sawa na ukonzi mmoja wa karanga. Bakuli lilijaa, mchuzi ulikuwa mwekundu na wenye harufu nzuri, na kila aliyekula aliamini amekula maharage. Alikunywa maji ya nyanya.

Ndiyo maana nasema chungu kipimwe kabla ya maji kuingia. Kikombe cha mchuzi hakikuambii kitu, kwa sababu mpishi mmoja hutia maji mara mbili ya mwingine. Uzito mkavu haudanganyi. Mtu mzima mmoja, mlo mmoja: gramu 80 za maharage, dengu au choroko, zikiwa kavu. Zikiiva zinakuwa kikombe kizima kilichojaa punje na kukupa gramu 17 hivi za protini. Fanya hivyo mchana na jioni, umeshavuka nusu ya safari ya siku. Kipimo cha macho ni hiki: chota katikati ya chungu, acha upawa utulie, utazame punje zimefika wapi. Zikiwa chini ya nusu, mmepika supu.

Ile karatasi ingerekebishwa bila kuongeza gharama kubwa wala anasa. Mkate wa asubuhi upakwe vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga, hapo mtu anatoka nyumbani na gramu 13. Mchana wali uje na dengu, jioni viazi vije na maharage, na juu ya viazi imwagwe ufuta uliosagwa na kulainishwa kwa limau, vijiko viwili. Jumla ya siku inavuka 60. Wali uko pale pale, viazi viko pale pale. Vimepata mwenzao tu. Nafaka ina upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini, na maharage yanayo tele, kwa hiyo kimoja huziba pengo la kingine. Wala si lazima vikutane kwenye sahani moja. Vikiliwa siku hiyo hiyo vinatosha.

Karanga na ufuta nimevitaja kwa sababu ya pili, ambayo watu wengi hawaioni. Kwa desturi kali, siku za Jumatatu hadi Ijumaa hata mafuta hayaruhusiwi. Ondoa mafuta kwenye ratiba ile na chakula cha siku nzima hakifiki kalori 1,200. Mwili ukikosa nishati ya kutosha hauiachi protini ifanye kazi ya kujenga misuli. Unaichoma kama kuni. Basi hata zile gramu chache, sehemu yake ni kama imepotea. Karanga na ufuta mzima au uliosagwa vimekubalika kwa desturi hata siku zisizo na mafuta, na ndani yake mafuta yapo tayari. Mchuzi mzito wa karanga Jumatatu ya kwanza unaweza kumwokoa mtu.

Wanaolalamika kwamba maharage yanawajaza gesi wana haki. Loweka usiku mzima, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla hujapunguza moto, maana yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yana sumu inayotapisha. Na uanze kuyazoea katika lile juma la jibini, la mwisho kabla ya mfungo, nusu kikombe kwa siku.

Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Majuma saba hayamalizi akiba ya ini kwa mtu mwenye afya, lakini anayefunga sehemu kubwa ya mwaka aongee na daktari.

Wazee ndio wanaoninyima usingizi. Misuli ya mzee hupotea upesi na hurudi polepole, na wataalamu wengi humwekea gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, zaidi ya kijana. Ukimwona bibi aliyekuwa akiinuka kitini bila shida sasa anasukuma kwa mikono miwili, usimsifu kwa mfungo wake. Mpeleke kwa baba yake wa kiroho, ambaye ana ruhusa ya kumlegezea, na wakati huo huo kaangalie chungu chake.

Yule mama aliyeniita mwanangu ana miaka 74. Jumatano iliyofuata alikuja na mzani wa kupimia unga, akauweka mezani bila neno. Tuliloweka kilo mbili na nusu. Upawa ulisimama.