Boti ya gridi inakuonyesha kijani huku mfuko unaisha

Juzi kwenye grupu moja la Telegramu jamaa kaweka skrinshoti ya boti yake ya gridi, ile programu inayonunua na kuuza sarafu za kripto yenyewe, imeandika `Grid Profit` dola +35 kwa mwezi, na chini watu wamejaa "kaka nifundishe", "nitumie seting". Mi nikamuuliza swali moja tu, hiyo namba nyingine ya pembeni, `Total PnL`, yenye faida na hasara yote kwa pamoja, mbona umeikata? Hakujibu hadi leo.

Sina ugomvi na boti za gridi, nimeziendesha na bado naendesha moja. Ila naona zinauzwa kwa watu kama kipato cha usingizini wakati ukizifungua ndani ni biashara ya mwenye genge la nyanya. Bei ikishuka kidogo ananunua tenga, ikipanda kidogo anauza tenga, ile tofauti anakula. Soko likizunguka palepale huyu mtu ana hela kila siku. Shida ni siku nyanya zikiporomoka moja kwa moja, maana sheria yake inamwambia kila zikishuka nunua tenga lingine, sa mwisho wa siku genge limejaa matenga ya bei ya jana na mfukoni hana hata mia.

Tuchukue soko la kweli tupige hesabu. Mwaka 2022, kuanzia katikati ya Mei mpaka karibu tarehe 11 Juni, Bitcoin ilikaa inacheza kati ya dola 28,000 na 32,000, karibu mwezi mzima, reinji ambayo kila mwenye boti alikua anaimezea mate. Tuseme umeweka dola 1,000, chini 28,000, juu 32,000, vyumba 20, yani kila mstari umepishana na mwenzake dola 200. Bei ipo 30,000 ukianza. Boti inanunua papo hapo Bitcoin ya karibu dola 500 ili iwe na cha kuuza juu, na hizo 500 nyingine inazipanga kwenye oda 10 za kununua, kuanzia 29,800 kushuka hadi 28,000.

Kila chumba kina kama dola 50. Bei ikipanda chumba kimoja unapata senti 33 hivi, toa ada ya asilimia 0.1 ukinunua na 0.1 ukiuza, unabaki na senti 23. Tuseme soko linachangamka unafunga mizunguko mitano kwa siku, hiyo ni dola 1.15, kwa mwezi unakaribia 35. Ndo ile skrinshoti sasa. Asilimia 3.5 kwa mwezi sio mbaya kabisa, mi nisingeikataa.

Sa angalia hapa watu wengi hawaangaliagi. Bei ikifika tu 28,000, ule mstari wa chini kabisa, haijavunja kitu bado, boti imeshanunua vyote na unashika Bitcoin 0.0333 kwa wastani wa 29,450. Thamani yake hapo ni dola 933 wakati umetumia 982. Umepungukiwa 48 tayari na faida yako ya mwezi mzima ni 35. Yani ukiwa bado ndani ya boksi lako mwenyewe ulilolichora, umeshaingia hasara ya dola 13, na `Grid Profit` bado inang'aa kijani. Haikudanganyi kihesabu, ile namba inahesabu tu matenga yaliyonunuliwa na kuuzwa, tenga ambalo halijauzwa hailiangalii kabisa, ndo maana hata soko lidondoke vipi yenyewe inakaa palepale haishuki.

Tarehe 12 Juni 2022 bei ikatoka kwa chini, na usiku huo huo Celsius, kampuni ya kukopesha kripto, wakatangaza wamesimamisha watu kutoa hela. Kesho yake Bitcoin ikashuka mpaka karibu 22,000. Boti yako hapo haifanyi chochote. Haina oda ya kununua iliyobaki na oda zote za kuuza ziko huko juu ya 28,000, imekaa tu, na wewe unashika mzigo wenye thamani ya dola 733. Tarehe 18 ikagusa kama 17,600, mzigo ukawa dola 587, ukitoa na ile faida ya 35 bado umepoteza kama 360 kwenye elfu moja. Na kuisubiri irudi 30,000 ilichukua mpaka Aprili 2023, miezi kumi hela imefungwa, haizai hata senti maana chini ya reinji boti haina mzunguko wowote wa kufunga.

Kipimo ninachokipenda ni hiki, ukishavuka mstari wa chini, kila asilimia moja bei inayoshuka inakula dola 9 na kitu, ambayo ni siku nane za kazi ya boti. Asilimia moja tu, na Bitcoin inashuka asilimia moja wakati unapika chai.

Ndo maana mi nasema swali la kwanza sio vyumba vingapi, swali ni stoplosi, ile bei ya kuuza kila kitu ukate hasara, iko wapi, na unaiweka kabla hujabonyeza kuanzisha. Kwa mfano wetu ungeiweka 27,500, boti ingeuza kila kitu na ungetoka na hasara kama ya dola 30 ukihesabu na faida. Inauma kidogo lakini ni hela ya mwezi mmoja, sio ya mwaka. Kuna siku bei itakugusa hapo afu irudi juu ikuache unatukana, nakubali, imenitokea zaidi ya mara moja. Mbaya zaidi ni wale bei ikivunja wanafungua boti wanashusha mstari wa chini mpaka 24,000 na kuongeza hela, eti wanaipa boti nafasi ya kupumua. Mi nilifanya hivyo mara moja, kwa hela ya kodi. Sitaki kuiongelea.

Dalili ya mapema ipo na haihitaji indiketa. Fungua historia ya oda, ukiona boti imenunua mara tano sita mfululizo bila kuuza hata mara moja katikati, hapo soko limeacha kuzunguka, lina mwelekeo. Kwenye reinji nzuri nunua na uza zinapokezana.

Boti za fyucha zenye levereji, yani zinazocheza na hela ya kukopa, sizigusi kabisa, huko hutasubiri miezi kumi, unalikwidiwa kabla, yani mzigo wako unafungwa kwa nguvu na hela inaondoka.

Na kuvunja kwa juu nako kuna hasara yake ila haina kelele. Kuanzia katikati ya Agosti 2023 Bitcoin ilizunguka kati ya 25,000 na 28,000, ukiweka gridi hapo ulikua unakula vizuri tu. Katikati ya Oktoba ikatoka kwa juu, tarehe 24 ikagusa karibu 35,000. Boti ilikua imeuza kipande cha mwisho 28,000, ikabaki na USDT tupu, zile dola za kidijitali, inaangalia. Aliyenunua 26,500 akalala zake alikua juu kwa kama asilimia 32, na mwenye gridi alikua na skrinshoti nyingine ya kijani ya kupeleka grupu.