Mpango wa ubora kwenye andiko la kubangua korosho: mkaguzi akae mlangoni au mezani?

Maandiko mengi ya miradi midogo ya kubangua korosho hapa Mtwara yana sehemu ya udhibiti wa ubora yenye sentensi moja tu: kasoro hazitazidi asilimia 5. Asilimia 5 ya nini? Korosho iliyooza na korosho iliyopasuka vipande viwili si hasara ya aina moja. Ya kwanza inatupwa, ya pili inauzwa kwa bei ya chini. Ukiziweka kwenye namba moja, hakuna atakayejua kama tatizo limetoka shambani au limezaliwa ndani ya kiwanda, na hapo ndipo penye ubishi: nguvu ya ukaguzi iwekwe mzigo unapopokelewa, au kwenye meza za kubangulia?

Wanaotaka ukaguzi mkali mapokezini wana hoja nzito. Unachukua sampuli kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, unachanganya, unagawa hadi ibaki kilo 1. Unapima unyevu, unahesabu korosho, kisha unazikata zote. Punje safi unazipima peke yake. Zenye madoa au zilizosinyaa unazipima kando na kuhesabu nusu ya uzito wake. Zilizooza na zilizoliwa na wadudu hazihesabiwi kabisa.

Tuseme mzigo wa kwanza umetoa gramu 270 safi na 30 zenye dosari: 270 kujumlisha 15 ni 285. Wa pili umetoa 250 na 20, yaani 260. Kwa kipimo cha wanunuzi, ratili za punje kwa gunia la kilo 80, hizo ni takriban 50.3 na 45.9. Tofauti ya gramu 25 inaonekana ndogo mezani, lakini kwenye tani 10 ni kilo 250 za punje. Hakuna fundi wa kubangua atakayezirudisha. Unyevu nao ukizidi asilimia 10, ukungu utaingia mzigo ukiwa ghalani, hasa korosho zilizookotwa baada ya mvua za Desemba na kuanikwa haraka haraka.

Udhaifu wa hoja hii uko kwa msambazaji. Mzigo wa mnada kwa stakabadhi ghalani umekusanywa na chama cha msingi kutoka kwa wakulima wengi. Ukishaulipia, huwezi kurudisha gunia moja moja kama unavyorudisha katoni zilizokuja na unyevu. Andiko linaloahidi kwamba "wasambazaji wasiofikia kiwango watakataliwa" linaahidi jambo ambalo kiwanda hakina uwezo nalo kwa malighafi yake kuu. Kiwango hicho kiandikwe kwa vifungashio. Kwa korosho ghafi, matokeo ya kukata yatumike kutenganisha mizigo ghalani, kuamua upi ubanguliwe kwanza, na kupanga bei ya mnada unaofuata.

Upande wa pili unasema kinachoweza kurekebishwa leo kiko mezani, na mimi naegemea huko. Kila saa mkaguzi achukue punje 200 kutoka kwenye kila meza na kuhesabu zilizovunjika. Zikiwa 24, hiyo ni asilimia 12. Thamani ya namba hiyo iko kwenye kulinganisha meza. Meza moja ikiwa na 40 na nyingine zina 20, angalia kisu kimekaaje, au kama meza hiyo imepewa korosho za ukubwa mchanganyiko: kisu kilichopangwa kwa korosho ndogo kinaikata punje ya kubwa. Meza zote zikipanda pamoja, usimgombeze mbanguaji. Rudi kwenye mvuke na muda wa kupoza. Ganda ambalo halijaiva vizuri linahitaji nguvu nyingi, na punje inavunjika nalo. Punje zenye alama za kahawia zinaonyesha mafuta ya ganda yamezigusa. Hizo zihesabiwe peke yake.

Gharama ipo. Mtu mmoja anayehesabu kutwa nzima habangui, na kwenye kikundi cha watu 15 pengo lake linaonekana. Ndiyo maana naona mapokezi yatoshe na kazi ya nusu siku kwa kila mzigo, lakini mezani pawe na mtu wa kudumu mwenye ruhusa ya kusimamisha meza. Bila ruhusa hiyo anaandika daftari tu.

Kwenye andiko, basi, ziwekwe namba mbili: punje zisizofaa kabisa, kwa uzito, zikitajwa kwa kila mzigo uliopokelewa, na punje zilizovunjika, kwa hesabu, zikitajwa kwa kila meza. Kikomo cha pili kisiandikwe kwa kukisia. Bangua mzigo mmoja wa majaribio, chukua wastani wa meza zako zinazofanya vizuri, na uanzie hapo.