Uzi, nta au wembe: kidevu si sawa na mdomo wa juu

Wanawake wengi hukwepa wembe usoni kwa kuhofia kwamba wakinyoa, nywele zitarudi nene na nyeusi zaidi. Hofu hiyo haina msingi. Wembe hukata unywele usawa wa ngozi tu, na mzizi unaoamua unene, rangi na kasi ya kukua hauguswi. Mtaalamu wa anatomia Mildred Trotter alichunguza ndevu za wanaume akaeleza hivyo tangu 1928. Kinachodanganya kidole ni ncha: unywele usiowahi kukatwa huishia kwa ncha nyembamba na laini, uliokatwa huwa butu na kuchoma.

Uzi na nta hung'oa unywele pamoja na mzizi, ndiyo maana uso hubaki laini kwa wiki 2 hadi 6. Kwa malaika wa mdomo wa juu, mimi nachagua uzi. Unashika unywele wenyewe, wakati nta hushika na ngozi. Anayepaka dawa za chunusi kama tretinoini au adapalini ana ngozi dhaifu juu, na nta inaweza kuibandua ikaacha kidonda.

Kidevuni mambo hugeuka, hasa kwa mwenye ngozi nyeusi na nywele nene za kujikunja. Chukua mwanamke anayepaka nta kila baada ya wiki 3. Baadhi ya nywele hukatikia ndani badala ya kung'oka. Zinapokua tena hupinda na kuota ndani ya ngozi. Kinatokea kipele kigumu chenye maumivu, anakitumbua kwa kibano, na ngozi iliyojeruhiwa inaacha doa jeusi. Unywele ukiachwa huenda ungetoka wenyewe. Doa linaweza kukaa miezi. Akiona vipele vinajirudia palepale baada ya kila nta, tatizo ni kung'oa, na kubadili aina ya nta hakutasaidia sana.

Kwa mwanamke huyo wembe ni nafuu, ingawa nao una gharama yake: atanyoa kila siku 1 hadi 3. Tena akinyoa kinyume na uelekeo wa nywele, au akivuta ngozi ili anyoe karibu mno, ncha kali hurudi ikachoma ngozi na vipele ni vilevile. Alowanishe kidevu kwa maji ya uvuguvugu, apake jeli, atumie wembe mpya wa kisu kimoja, apitishe mara moja kufuata uelekeo wa nywele, na akubali vishina vifupi vibaki. Wakati madoa yanafifia, ajikinge na jua, maana jua huyakoleza.

Kama nywele nene za kidevu zimezuka karibuni na kuongezeka haraka, au hedhi imevurugika, chanzo huenda ni androjeni, yaani homoni za kiume. Hapo uzi, nta na wembe vyote hufika kwenye unywele tu, na anayehitajika ni daktari wa kupima homoni hizo.