Aya ya kwanza isiishie kwenye shida

Msimu wa maombi ya ufadhili wa masomo ukifika, makundi ya WhatsApp hujaa ile skripti moja ya kuandikia barua ya maombi: anza na nukuu ya mtu maarufu, eleza ndoto yako ya utotoni, simulia shida za nyumbani, kisha omba nafasi. Inaniudhi, maana anayeifuata ni kijana mwenye kazi nzuri mikononi, na skripti inamfundisha kuificha.

Chukua barua ya motisha, ile ya kueleza kwa nini unaomba, ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, katika mpango wake wa EPOS. Ule ni wa watu walio kazini: wanataka uzoefu wa angalau miaka 2, na barua isizidi kurasa 2. Sasa tuseme mwombaji ni fundi wa maabara ya maji huko Meru, Arusha. Anaandika: “Tangu utotoni nilitamani kuwa mhandisi wa maji. Maji ni uhai, na jamii yangu imeteseka kwa muda mrefu kwa kukosa maji safi.” Funika jina lake, umpe barua hiyo mwombaji wa Dodoma au wa Kitui. Inamtosha bila kubadilisha neno. Msomaji mwenye rundo la barua mezani hana cha kushika hapo.

Aya hiyo ingeweza kwenda hivi (takwimu ni za mfano, wewe weka za kwako):

“Ninapima ubora wa maji katika maabara wilayani Meru. Kisima kimoja ninachokifuatilia kina floraidi miligramu 6 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Tulifunga chujio la mkaa wa mifupa, floraidi ikashuka hadi 1.2, lakini baada ya miezi 4 ikapanda tena hadi 3.8 kwa sababu mkaa ulikuwa umeshiba floraidi. Naweza kupima na kujua kwamba umeshiba. Sijui kukokotoa mapema kwamba utashiba baada ya lita ngapi, wala namna ya kuuhuisha ili utumike tena, na ndiyo maana naomba kozi hii.”

Hakuna kivumishi cha kujisifu humo. Kuna kazi na mahali, kuna tatizo lililopimwa, kuna jaribio na pale lilipokwama. Halafu kuna zile sentensi mbili za mwisho, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Wengi huishia kwenye tatizo: meno ya watoto yamekuwa ya kahawia kwa floraidi, wazee mifupa inauma, basi. Ni kweli tupu na inauma kuisoma, lakini shida ya kijiji haielezi kwa nini wewe urudi darasani. Huenda kijiji kinahitaji bomba kutoka chanzo kingine, na hilo halihitaji shahada yako. Kinachounganisha kisima na chuo ni ujuzi unaoukosa, ukiutaja kwa jina. Vijana wanaogopa kuandika “sijui” wakidhani wataonekana dhaifu. Ukisema hujui kukokotoa muda wa chujio kushiba, umeonyesha kwamba umefika ukingoni mwa unachokijua, na asiyewahi kushika chujio hawezi kuandika sentensi hiyo. Tena inakupa aya ya pili bure: fungua orodha ya masomo ya kozi, tafuta somo linalofundisha usafishaji wa maji, ulitaje. Ukikuta hakuna, kozi hiyo siyo yako, na ni heri ujue kabla hujatuma.

Habari ya umaskini nakubali ina mahali pake. Fomu ikiuliza hali ya kifedha, jibu pale, kwa ukweli wote. Isikalie nafasi ya aya hii.

Urefu uwe maneno 70 hadi 120. Ikizidi hapo, mara nyingi ni historia ya tatizo imeingia, na hiyo ihamie aya ya pili. Iandike mwisho, sehemu nyingine ya barua ikishakamilika, kwa sababu sentensi ya “sijui” huwa inajificha katikati ya rasimu, na mpaka uifikie hujui aya ya kwanza inaelekea wapi.

Kabla ya kutuma, weka aya hiyo kando ya wasifu wako na barua ya mwajiri. Tarehe na takwimu zisigongane. Wewe ukiandika kwamba chujio lilishiba baada ya miezi 4 na bosi wako akaandika mwaka mzima, msomaji ataanza kutilia shaka hata ile miligramu 6, ambayo ulikuwa umeipima vizuri. Mpe bosi aya yako aisome kabla hajaandika ya kwake.